Naomba Uninyime Likizo

Watu wote huomba likizo ili wapewe. Kisu aliomba ili anyimwe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya, kwa sababu fomu ya likizo ina kisanduku cha kila kitu isipokuwa hicho.

Kisu ni jina la kazini. Alikuwa fundi wa mashine ya kukata katika kiwanda cha uchapaji: vitabu vikishafungwa na kupigwa gundi, vinapita kwake kukatwa pande tatu ndipo vionekane vitabu. Kabla ya hapo ni rundo la karatasi lenye kingo za ovyo. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye mashine ile, na vidole vyake vyote kumi, jambo alilopenda kuwakumbusha wageni. Mashine haishuki mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa mikono miwili, lakini hilo hakuwa analitaja. Aliwaacha wadhani ni ujuzi.

Watu walioijua mashine hiyo walikuwa watatu tu. Kisu zamu ya asubuhi, mwenzake mmoja zamu ya mchana, na msimamizi wao, mama mmoja aliyeanzia hapohapo akapanda cheo. Huyo walimwita Mama Ratiba, bila yeye kusikia, kwa sababu alikuwa na ubao mkubwa ukutani wenye majina na tarehe na rangi nne za kalamu, na aliuheshimu ule ubao kuliko watu wengine wanavyoheshimu wakwe zao. Mmoja kati ya wale wawili akienda likizo, Mama Ratiba mwenyewe huvaa koti la kazi akashika zamu. Ndiyo maana hawakuruhusiwa kwenda pamoja, na ndiyo maana kuanzia katikati ya Oktoba hadi vitabu vya shule vitoke kiwandani, hakuna aliyethubutu hata kutamka neno likizo. Kila mtu alilijua hilo.

Kisu alilijua kuliko wote. Akachukua fomu tarehe ishirini Oktoba, akajaza: siku kumi za kazi, kuanzia tatu hadi kumi na nne Novemba. Shehena ilitakiwa kuondoka tarehe kumi na saba. Usingeweza kuchagua tarehe mbaya zaidi hata ungelipwa kuzitafuta. Kwenye sababu akaandika "ya kifamilia", akatia sahihi, akaipeleka kwa Mama Ratiba akiwa na uso wa mtu mwenye shida.

Na shida alikuwa nayo kweli, ila si ile uliyoweza kuiandika kwenye mstari mmoja.

Dada yake mkubwa alikuwa akiishi na baba yao katika mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi. Baba alikuwa amepoteza kumbukumbu. Ilianza kwa kusahau funguo, ikaja kwa majina, sasa ilikuwa imefika kwa watu wenyewe. Miaka mitatu dada alikuwa akimwogesha, akimlisha, akimwinua kitandani peke yake, mpaka ngiri ikamtoka. Daktari akamwambia ni lazima apasuliwe, tena kabla mwaka haujaisha, kabla haijambana ikawa ya dharura. Hospitali ilikuwa tayari kumpangia siku. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mzee siku kumi hivi, mpaka binti yake dada apate nafasi ya kuja kushika zamu.

"Chagua wewe siku," dada alimwambia Kisu kwenye simu. "Mimi hospitali watanipanga."

"Unajua kazini kwetu, dada. Likizo hawatoi kirahisi."

"Najua. Mwaka juzi wamekunyima, mwaka jana wamekunyima. Safari hii waombe kwa maandishi, na wakikunyima wakunyime kwa maandishi. Niletee hiyo barua niione, ili nimtafute mtu wa kumlipa. Siwezi kuendelea kungoja."

Hapo Kisu akabanwa. Kwa sababu ukweli ni huu, na tuuseme tu: hakuwahi kunyimwa likizo hata siku moja. Mwaka juzi hakuiombea safari. Mwaka jana alipewa siku zake zote akazimaliza nyumbani, akipaka rangi jikoni, rangi ambayo hata mkewe hakuiomba.

Mara ya mwisho kwenda kwa baba ilikuwa miaka miwili na nusu iliyopita. Mzee alimpokea vizuri mno, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimkaribisha kwa adabu, akamvutia kiti, akamuuliza habari za safari, kisha akamuuliza, kama unavyomuuliza mgeni wa heshima, "Na baba yako hajambo?"

Kisu, kitindamimba, aliyebebwa mabegani na mzee huyohuyo mpaka akawa mzito wa kuonewa aibu, akajibu, "Hajambo."

"Nisalimie sana."

Alfajiri akapanda basi akarudi. Tangu siku hiyo, kila akiambiwa aje, mdomo ulijibu wenyewe: wameninyima likizo. Hakuwa anamchukia baba. Hakuwa amechoka naye. Akijaribu kujieleza ni nini hasa anachokiogopa, alipotea njiani, akarudi kwenye mashine yake ambako kila kitu kina kipimo.

Basi akangoja anyimwe.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mama Ratiba hakuwa mtu wa kukukatalia mlangoni. Alikuandikia, akachapa, akatia kwenye bahasha, akakukabidhi mkononi. Kisu aliifungua palepale karibu na makabati ya wafanyakazi, dakika nne kabla ya zamu. Macho yakakimbia juu ya mistari: *nimepokea ombi lako... nakushukuru kwa kuliwasilisha mapema... mwaka huu hujachukua hata siku moja, na likizo ni haki yako... hata hivyo nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kuidhinisha tarehe hizo...*

Alhamdulillahi. Hakusoma zaidi. Mtu akishapata alichokitaka hana haja ya kumaliza ukurasa. Akaitandaza barua juu ya kabati, akaipiga picha nzima, muhuri na sahihi na kila kitu, akamtumia dada. Chini akaandika: "Kama nilivyokwambia. Pole sana dada yangu." Akafungia simu kabatini, maana simu haziruhusiwi kwenye mashine, akaenda kukata vitabu vya hesabu vya darasa la tano kwa furaha ambayo haikumkaa sawasawa. Kila akibonyeza vitufe alijiambia mambo yamekwisha, na kila kisu kikishuka alijiambia tena.

Alipotoka zamu, simu ilikuwa na miito sita ya dada na ujumbe mmoja wa sauti. Akausikiliza akiwa amesimama getini.

"Mdogo wangu! Huyo bosi wako Mungu ambariki, sijui nimshukuruje. Mwenyewe unasema pole, pole ya nini? Nimewapigia hospitali hapohapo. Wamenipa alhamisi, tarehe ishirini. Wewe chukua ile nafasi ya kwanza, njoo jumatano tarehe kumi na tisa, nikukabidhi dawa za mzee na mambo yake. Nimelia, wallahi. Nilidhani watakunyima tu kama kawaida yao."

Kisu akausikiliza mara ya pili. Nafasi gani ya kwanza? Akaitoa barua mfukoni, akaisoma sasa kama ilivyotakiwa kusomwa tangu asubuhi, mpaka chini.

*Vitabu vya shule vinatakiwa kuondoka kiwandani tarehe 17 Novemba, na mpaka siku hiyo mashine ya kukata itafanya kazi zamu zote mbili bila kusimama. Ili usikose mapumziko yako, nimepitia ratiba na ninapendekeza uchague mojawapo ya nafasi hizi: kuanzia tarehe 19 Novemba hadi 2 Desemba; au kuanzia tarehe 8 hadi 19 Desemba; au, kama ungependa kuvusha siku zako mwakani, kuanzia tarehe 5 hadi 16 Januari. Zote ni siku kumi za kazi. Tafadhali nijulishe ifikapo ijumaa ili niiweke kwenye ubao. Na kama shida yako haiwezi kungoja, njoo tuzungumze. Asante kwa uvumilivu wako na kwa kazi yako nzuri.*

Alisimama pale getini mpaka mlinzi akamuuliza kama amesahau kitu.

Nyumbani akampa mkewe barua bila neno. Mkewe alikuwa akichambua mchele; akafuta mikono, akasoma, akageuza upande wa pili ulio mtupu, akarudi mbele.

"Sasa umekubaliwa au umekataliwa?"

"Nimekataliwa."

"Mbona una tarehe tatu?"

"Ndiyo hivyo nimekataliwa."

"Mume wangu, mimi nikikataliwa dukani hawanipi mifuko mitatu nichague." Akaweka barua juu ya meza. "Na dada anasemaje?"

"Amefurahi."

Mkewe alikuwa ameishi na rangi ile ya jikoni mwaka mzima na hakuwahi kuuliza, lakini hakuwa mjinga. "Kwa hiyo utaenda," alisema.

"Nitamwambia hizo tarehe nazo hazikuwezekana."

"Barua anayo kwenye simu. Ina muhuri." Akarudi kwenye mchele wake. "Safari hii umejifunga mwenyewe, wala sikuonei huruma."

Kisu hakulala vizuri. Asubuhi akaamka na wazo ambalo, kwa mtu aliyechanganyikiwa, lilionekana la busara kabisa. Tatizo ni barua. Basi dawa ni barua nyingine. Akawahi kazini nusu saa kabla ya zamu, akabisha kwenye kiofisi cha Mama Ratiba, kile chenye dirisha la kioo linalotazama mashine.

Mama Ratiba alikuwa amepanda kwenye kigoda anaandika ubaoni. "Karibu. Umechagua?"

"Bado, mama. Nimekuja na ombi."

"Sema."

"Naomba uninyime likizo."

Kalamu ikabaki hewani. "Nimekunyima jana."

"Ndiyo. Lakini hukuninyima vizuri."

Mama Ratiba akashuka kwenye kigoda polepole, akaketi, akamwonyesha kiti. Miaka kumi na mmoja alikuwa akijibu maombi ya likizo. Aliwahi kuliliwa, kubembelezwa, kutukanwa mara moja, na kuletewa hati ya daktari yenye jina la mtu mwingine. Hili lilikuwa geni.

"Nieleze tena," alisema. "Kuna neno limekuudhi? Nilijitahidi iwe ya heshima."

"Ina heshima kupita kiasi, hapo ndipo ilipoharibika. Ungeacha pale kwenye 'sitaweza kuidhinisha'. Hizo tarehe nyingine... ungeziondoa tu. Uandike kwamba mpaka mwaka uishe hakuna nafasi, na mwakani pia mtaangalia."

"Nikunyime siku ambazo hujaziomba?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu nitie sahihi?"

"Na muhuri, kama inawezekana."

Mama Ratiba akatazama ubao, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa kwa mojawapo ya zile rangi nne. "Wewe una siku ishirini na moja hazijaguswa. Kanuni zinanitaka nikupe. Nikiandika hivyo unavyotaka, ofisi ya utumishi wataniita mimi nijieleze kwa nini ninamnyanyasa mfanyakazi. Na huyo mfanyakazi ni wewe. Sasa nitawaambia nini? Kwamba aliniomba?" Akainama mbele, sauti ikashuka. "Mdogo wangu, kuna mtu anakudai? Kuna anayekufuata huko nyumbani?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nani unayemkimbia?"

Kisu alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa swali hilo. Alitaka kusema hakuna. Badala yake akasikia mdomo wake unaeleza: dada, ngiri, baba, basi la saa saba. Akaeleza kiti alichovutiwa. Alipofika kwenye "na baba yako hajambo" alitazama nje ya kioo, akajifanya anaangalia mashine. Mwenzake wa usafi alikuwa akifagia vipande vya karatasi chini yake, vyembamba na virefu, na Kisu akavitazama kwa bidii ya ajabu.

Mama Ratiba hakusema pole. Alichezea kifuniko cha kalamu.

"Ile nafasi ya kwanza," alisema baadaye, "tarehe kumi na tisa. Ilikuwa yangu."

Kisu akamgeukia.

"Nilikuwa nimejipangia mwenyewe. Vitabu vikitoka, nipumzike. Nilipoona fomu yako ya kifamilia, nikajua mtu mwenye akili zake haombi tarehe tatu Novemba kama hana moto nyumbani. Nikajifuta pale ubaoni. Ukiondoka wewe, mimi ndiye nitakayesimama kwenye mashine." Akaonyesha kwa kidole. Kwenye ubao, chini ya tarehe kumi na tisa, palionekana alama hafifu ya kijani iliyofutwa kwa haraka. "Kwa hiyo kama huendi, niambie sasa nirudishe jina langu. Lakini barua nyingine siandiki."

Kisu angependa kusema wakati ule alielewa kitu. Hakuelewa. Alichokiona ni kwamba alikuja kuomba mlango ufungwe na kila aliyemwendea alikuwa akiushikilia wazi, kwa upole, bila hata kumuuliza kama anataka kupita. Alimkasirikia mama wa watu. Alijionea aibu kwa kumkasirikia. Vyote viwili kwa pamoja.

"Weka jina langu," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini weka."

Mama Ratiba akapanda kigoda, akaandika kwa kijani.

Vitabu vilitoka tarehe kumi na saba, usiku, muda mfupi kabla siku haijaisha, na tarehe kumi na tisa Kisu alikuwa kwenye baraza la nyumba ya dada yake na begi moja, akipokea maelekezo. Dawa hii asubuhi, hii jioni. Uji usiwe wa moto. Asiachwe peke yake bafuni. Akiita jina la mama, usimwambie amefariki, mwambie ametoka kidogo. Dada alikuwa amekonda, na alitembea ameshika tumbo kwa kiganja kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Kisu alipomwona hivyo alitaka kumwambia kila kitu, kule kunyimwa ambako hakukuwahi kuwepo, lakini dada alikuwa akihesabu vidonge na hakupenda kukatizwa. Asubuhi iliyofuata gari likamchukua kwenda hospitali, na nyumba ikabaki na watu wawili.

Baba alikuwa sebuleni, amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Kisu akaketi mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akamtazama kwa makini. "Wewe ndiye kijana wa kuangalia bomba?"

"Hapana, baba. Mimi ni mwanao. Yule mdogo."

Mzee akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto wa jirani. "Mwanangu mdogo yuko kazini. Wamemnyima likizo."

Kisu akainamisha kichwa.

"Kila mwaka wanamnyima," mzee aliendelea. Majina ya watoto wake yalikuwa yamemtoka, na mwaka, na chumba cha kulala kiko upande gani, lakini hili dada alikuwa amemwambia mara nyingi mpaka likakaa. "Ni mtoto mzuri sana yule. Angekuwa amekuja. Ila ana bosi, bosi huyo roho yake mbaya. Hamjali mtu mwenye mzazi. Unajua kuandika?"

"Najua."

"Tafuta karatasi. Tumwandikie."

Kisu akachukua karatasi ya maelekezo ya dawa, akaigeuza upande wa nyuma. Mzee akakohoa, akajiweka sawa kitini.

"Andika: Mheshimiwa bosi. Salamu. Mimi ni baba wa mfanyakazi wako. Namwombea ruhusa aje anione. Najua mna kazi nyingi. Kwa hiyo tarehe achague yeye." Akafikiri. "Yoyote itakayomfaa. Mimi nipo tu nyumbani. Umeandika 'nipo tu'?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Kisu akasoma mpaka "tarehe achague yeye" na hapo akashindwa. Akalia mbele ya baba yake kama ambavyo hakulia tangu alipokuwa mtoto, kwa kelele, na mzee akafadhaika sana, akatoa leso mfukoni, akampa. "Pole," alisema, "pole mwanangu, kumbe na wewe wamekunyima?"

Kisu hakujua ile "mwanangu" ilikuwa yake au ya kijana wa bomba. Akajifuta uso. Kisha, bila kupanga, akainuka, akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akasimama barazani akiwa amechanganyikiwa kabisa, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Akabisha.

"Hodi."

Zikasikika hatua za kukokota, na kitasa kikazunguka. Mzee akachungulia. Wakatazamana.

"Wamekupa?" mzee aliuliza.

"Wamenipa, baba."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Kumi!" Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamvuta ndani. "Na mimi nilivyomsema vibaya huyo bosi wako, kumbe mtu mwema. Ingia, ingia. Umekula?"

Kumbukumbu hiyo ilidumu mpaka saa sita mchana hivi. Baada ya kulala kidogo mzee aliamka akamuuliza yeye ni nani.

Basi kila asubuhi Kisu alimwogesha, akamlisha uji usio wa moto, akatoka nje akabisha hodi. Siku ya tatu alifunguliwa kwa jina lake hasa, la kuzaliwa, ambalo kiwandani hakuna aliyelijua. Siku ya nne aliambiwa bomba lilishatengenezwa, asante. Siku ya sita hakufunguliwa kabisa, ikabidi apitie jikoni. Kuna siku mzee alimweleza kwa saa nzima habari za mwanawe mdogo, akimsifu, na Kisu akasikiliza sifa zake mwenyewe akishindwa kujua kama ni halali kufurahi. Dada alirudi na mshono wake, akalazwa chumba cha nyuma, akamwona mdogo wake anatoka nje na kubisha, akauliza kulikoni. Kisu akamwambia. Alimwambia na yale mengine pia, ya mwaka juzi na mwaka jana, amesimama mlangoni mwa chumba. Dada akageukia ukuta. Kisha akasema, "Uji wake umepoa?" na hawakulizungumza tena.

Siku ya kazi ya nane, baada ya kumlaza mzee mchana, Kisu aliketi barazani na simu, akamwandikia Mama Ratiba. Alianza mara nne akafuta. Mwishowe akaandika kwamba anashukuru kwa siku kumi alizopewa, kwamba anazo bado kumi na moja, na kwamba kama ratiba itaruhusu, anaomba aongezewe siku tano, kuanzia tarehe tatu hadi tisa Desemba. Kwenye sababu hakuandika "ya kifamilia". Aliandika: "Jana alinifungulia."

Akabonyeza kutuma. Alijua mwenzake wa zamu ya mchana naye ana siku zake mwezi huo, na Mama Ratiba hajapumzika tangu Januari, na ubao ule hauna nafasi ya bure. Baada ya muda simu ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa, kisha kwamba mama anaandika. Aliandika muda mrefu, akaacha, akaandika tena. Kisu aliishika simu kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuogopa jibu la heshima namna ile.